Tovuti ya ukurasa mmoja nimeimaliza mchana mmoja, wiki mbili hakuna oda hata moja. Nimekosea wapi?

#1 MamaAchari_Kimanga
Wakuu habari za jioni. Natengeneza achari nyumbani, Tabata Kimanga. Bidhaa zangu ni nne tu: achari ya embe, achari ya ndimu, pilipili ya ukwaju na siagi ya karanga. Siku zote nauza kwa stetasi ya WhatsApp, kwa majirani na kwa kina mama wa kwaya.

Jumamosi moja nikaazima laptopu ya mdogo wangu, nikaingia Google Sites kwa Gmail yangu ya kila siku. Nilianza saa nane mchana, saa kumi na mbili kasoro nilikuwa nimemaliza. Juu nimeweka picha kubwa ya chupa zikiwa zimepangwa dirishani, chini bidhaa nne na bei zake, halafu maeneo tunayopeleka kwa bodaboda, mwisho kitufe cha WhatsApp. Sikulipa hata senti. Nakiri saa nzima iliishia kwenye kuchagua picha ya juu.

Linki nimeibandika Instagram na kuirusha kwenye magrupu matatu. Wiki mbili sasa, oda sifuri. Wale wa stetasi wananunua kama kawaida. Ndiyo tabia ya vitu vya bure, au kuna mahali nimeharibu?

#2 Kijana_wa_Keko
Cha bure hicho mama. Mtu akiona anwani ya sites.google.com anajua moja kwa moja hapa napigwa. Nunua domeni ya .co.tz, utaniambia.

#3 BwanaMita
Siyo domeni. Watu wa Dar hawafungui linki, bando lenyewe la mawazo. Wanataka picha na bei palepale walipo. Mke wangu anauza mashuka, hana tovuti, na Ijumaa simu yake hailali.

#4 Fundi_wa_Ubungo
Kabla hatujawalaumu watu wa Dar wala bando lao, mama naomba kitu kimoja. Hiyo linki uliyoirusha kwenye magrupu inaanzaje na inaishiaje? Usiiweke yote hapa.

#5 MamaAchari_Kimanga
Inaanza sites.google.com/d/ halafu herufi kibao zisizosomeka, mwisho kuna /edit. Niliinakili kule juu kwenye brauza.

#6 Fundi_wa_Ubungo
Nilihisi. Hiyo ni anwani ya jikoni mama, siyo ya dukani. Ndipo wewe unapohariri. Wewe ukiibonyeza inafunguka kwa sababu Gmail yako ndiyo mwenye nyumba. Mtu mwingine akiibonyeza anaambiwa aingie kwa akaunti ya Google, na akishaingia anaambiwa hana ruhusa, aiombe. Aliyeifungua ndani ya Instagram ndiyo kabisa, kule mara nyingi hajaingia kwa Gmail yoyote, anakutana na ukurasa wa kuomba nywila. Mimi mwenyewe ningekimbia.

Linki ya wateja ina /view/ katikati:

```
https://sites.google.com/view/jina-ulilochagua
```

Sasa fungua Gmail yako, tafuta maneno "Share request". Ukikuta kitu njoo utuambie.

#7 MamaAchari_Kimanga
Jamani. Ziko kumi na nne. Nilidhani ni wale matapeli wa Kiingereza, nikawa nazipita tu. Moja ni ya mama mchungaji! Kumbe ndiyo maana Jumapili aliniangalia vile.

#8 Bibi_Tarishi
😂😂 Mama mchungaji kaomba ruhusa ya kununua achari, kanyimwa. Hii dhambi ina jina lake.

#9 Kijana_wa_Keko
Hata hivyo domeni bado ni muhimu.

#10 Fundi_wa_Ubungo
Keko tulia kidogo.

Mama, usiwape hao kumi na nne ruhusa kutoka kwenye hizo barua. Ukikubali bila kuangalia unaweza ukampa mtu uwezo wa kuhariri, akakupandishia au kukushushia bei. Waandikie moja moja uwatumie linki mpya.

Kuipata: fungua tovuti yako kwenye laptopu, angalia juu kulia kama umeshabonyeza Publish. Kama bado, ibonyeze, andika jina fupi. Chagua vizuri, maana jina hilo ndilo litakaloandikwa kwenye vibandiko vyako. Kisha kuna alama ya mnyororo pale juu, hiyo ndiyo inakupa linki ya wateja. Ukimaliza usiijaribu kwenye laptopu hiyohiyo. Chukua simu ya mtu mwingine, fungua dirisha la siri la brauza, bandika. Ikifunguka bila kukuuliza chochote, duka liko wazi.

Na ukae ukijua kwamba kila ukibadilisha kitu lazima ubonyeze Publish tena. Bila hivyo wewe unaona bei mpya, mteja anaona ya zamani.

#11 Mwalimu_Mstaafu
Naongezea kisa changu. Mwaka juzi niliwatengenezea vijana wangu ukurasa wa masomo ya ziada kwa kutumia akaunti niliyopewa shuleni. Kwangu ilifunguka, kwa walimu wenzangu ilifunguka, hata nilipojaribu kwenye simu ya mwalimu wa zamu ilifunguka. Wazazi wote wakasema haifunguki. Nikawaita wazembe. Kumbe akaunti za taasisi zinaweza kuwekewa mpaka, tovuti ionekane na wenye akaunti za taasisi hiyo peke yao. Nikaanza upya kwa Gmail yangu. Kwa hiyo Fundi, "simu ya mtu mwingine" haitoshi, inategemea huyo mtu ni nani.

#12 Fundi_wa_Ubungo
Sahihi kabisa mwalimu, umenisahihisha. Ndiyo maana dirisha la siri lina kazi, pale hakuna akaunti inayokubeba.

#13 Shombe_wa_Upanga
Nakuja na swali langu, naona mpo wajuzi. Mimi nataka tovuti kama ya Kupatana, watu wapandishe bidhaa zao na kulipana humohumo. Kwa mchana mmoja inawezekana?

#14 Bibi_Tarishi
Inawezekana, mchana wa mwaka 2031.

#15 MamaAchari_Kimanga
Wakuu nimerudi. Nimebonyeza Publish, nimewatumia wote kumi na nne linki mpya. Ukurasa unafunguka, wamethibitisha. Sasa wanasema kitufe cha kijani kinawapeleka WhatsApp halafu WhatsApp inasema namba si sahihi. Namba ni hiihii niliyonayo miaka nane! Kitufe nimekiwekea hivi (tarakimu nimezificha):

```
https://wa.me/07XXXXXXXX
```

#16 Kijana_wa_Keko
Hapo ongeza +255 mbele ya hiyo 07, kwisha kazi.

#17 Fundi_wa_Ubungo
Nusu umepata. Linki ya wa.me inataka namba ya kimataifa isiyo na alama ya kujumlisha na isiyo na ile sifuri ya mbele. Ukifuata alivyosema Keko unapata 25507, na namba ya hivyo haipo popote. Weka 255 kisha 7 na zinazofuata, jumla tarakimu kumi na mbili, bila nafasi wala vistari.

Tena kwa kuwa una bidhaa nne, usiweke kitufe kimoja chini kabisa. Weka kimoja chini ya kila bidhaa, kila kimoja kibebe ujumbe wake:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Nataka%20achari%20ya%20embe
```

Hizo %20 ni nafasi kati ya maneno. Mteja akibonyeza anakuta ujumbe umeshaandikwa, anatuma tu. Na wewe unajua anataka nini kabla hajakusalimia.

#18 BwanaMita
Hii ya ujumbe kuandikwa kabisa sikuijua. Nimempelekea mke wangu, kaweka Instagram kwa ajili ya mashuka. Ila ujumbe unakuja umekatwa. Ameandika "Nataka shuka & foronya", wateja wanatuma "Nataka shuka" basi.

#19 Fundi_wa_Ubungo
Hiyo alama ya & ndiyo mwizi. Kwenye linki ina kazi nyingine, inaambia WhatsApp kwamba ujumbe umeishia hapo. Mwambie aandike "na" kama Mswahili mwenzetu. Akiing'ang'ania, badala yake aweke %26.

Na mzee, si ulisema watu wa Dar hawafungui linki?

#20 BwanaMita
Nimesema tovuti, sikusema linki. 😅

#21 Dada_wa_Mbezi
Mimi natumia Carrd, ni nzuri kuliko Google Sites kwa ukurasa mmoja. Inapendeza kwenye simu bila kuhangaika, bure unaruhusiwa kurasa tatu, anwani inakuwa jina.carrd.co. Ubaya wake, chini kuna maneno ya kusema imetengenezwa na Carrd, na ukitaka fomu ya oda lazima ulipie. Mimi fomu sikuihitaji, kitufe cha WhatsApp kinatosha. Ila mama nimepita kwenye ukurasa wako (nilikuwemo kwenye moja ya yale magrupu). Zile picha ni nzito. Picha moja ya simu MB nne, unazo kama tisa. Mtu mwenye bando la jero hawezi kusubiri, ndiyo maana huna oda.

#22 Fundi_wa_Ubungo
Ushauri wa picha ni mzuri, ila kwa Google Sites haukai hivyo. Ukipandisha picha kule, Google wenyewe wanampa mteja nakala iliyopunguzwa. Nimeiangalia mara nyingi, picha ya MB nne inamfikia mtu ikiwa ndogo mno kuliko hiyo. Kwenye vifaa vingine vya bure picha inashuka nzimanzima kama ulivyoipandisha, huko usemayo ni kweli. Nisingeacha kupunguza, lakini nisingeiita sababu ya oda sifuri.

#23 Dada_wa_Mbezi
Sasa mbona kwangu ilichelewa kufunguka?

#24 Fundi_wa_Ubungo
Ulikuwa wapi?

#25 Dada_wa_Mbezi
Kwenye daladala, Kimara.

#26 Bibi_Tarishi
Kesi imefungwa.

#27 Dada_wa_Mbezi
Haijafungwa. Wateja wake nao wako kwenye daladala. Ukurasa unaotaka mtu awe amekaa sebuleni ndiyo ufunguke, huo siyo wa Dar.

#28 MamaAchari_Kimanga
Wakuu mna maneno! Habari njema kwanza: tangu juzi nimepata oda tatu kwa vile vitufe vipya. Habari mbaya: oda ya tatu ni ya siagi ya karanga, mteja katuma 6,000 wakati siagi ni 9,000. Nikamwambia mteja, "Dada yangu, bei siyo hiyo." Akanitumia skrinshoti. Kwenye simu yake kweli chini ya picha ya siagi imeandikwa achari ya embe 6,000! Kwenye laptopu kila picha ina bei yake chini yake, nimeangalia mara tatu. Nimempa kwa 6,000, mdomo haupigani na skrinshoti. Inakuwaje hii?

#29 Kijana_wa_Keko
Hapo umedukuliwa mama. Badilisha nywila haraka. Wale kumi na nne!

#30 Fundi_wa_Ubungo
Hajadukuliwa mtu. Mama niambie, ulipanga picha nne kwenye mstari mmoja, halafu ukaandika bei nne kwenye mstari wa chini yake?

#31 MamaAchari_Kimanga
Ndiyo, na nilihangaika kweli kuzinyoosha.

#32 Fundi_wa_Ubungo
Ndipo ilipo. Skrini ya laptopu ni pana, mistari miwili inakaa juu na chini, macho yako yanaunganisha picha na bei. Simu ni nyembamba, haiwezi kuweka vitu vinne kando kwa kando, kwa hiyo inavishusha kimoja kimoja. Inamaliza mstari wa kwanza wote, embe, ndimu, pilipili, siagi, ndipo inaanza mstari wa pili, bei ya embe, bei ya ndimu na kuendelea. Picha ya mwisho ni siagi, bei ya kwanza ni ya embe. Zimekutana mlangoni.

Dawa yake ni picha na bei kuwa kitu kimoja. Upande wa kulia, kwenye Insert, kuna sehemu ya Content blocks. Chagua ule muundo wenye picha juu na maandishi chini yake, uweke kila bidhaa kwenye safu yake pamoja na bei na kitufe chake. Ukimaliza bonyeza Preview, kule kuna alama ya simu, iangalie kwa alama hiyo. Laptopu usiiamini, wanunuzi wako hawana laptopu.

#33 Mwalimu_Mstaafu
Maelezo ya #32 yamenifungua macho. Ratiba yangu ya masomo ilikuwa inaonyesha Hisabati chini ya picha ya mwalimu wa Kiswahili. Nikadhani wazazi wananitania.

#34 Mzamiaji_Feri
Mama mimi nipo Kigamboni. Tatizo lako kubwa ni kwamba hauonekani Google. Nimetafuta "achari Tabata" hamna kitu. Ingia Google Business, kule wanakupa tovuti ya bure kabisa ya ukurasa mmoja, inajitengeneza yenyewe, anwani inaishia business.site. Nilimtengenezea shemeji yangu dakika kumi.

#35 Dada_wa_Mbezi
Mkuu hizo zimekufa. Google walizizima Machi 2024. Hebu fungua ya shemeji yako.

#36 Mzamiaji_Feri
Duh. Kweli haifunguki. Na amechapisha kadi mia tano.

#37 Fundi_wa_Ubungo
Pole ya shemeji. Lakini Feri ana hoja ndani yake. Tovuti ndiyo wamezizima, ule wasifu wa biashara kwenye ramani upo na ni bure. Anayeuzia nyumbani anaruhusiwa kuficha anwani ya nyumba na kutaja maeneo anayohudumia tu, hakuna mgeni wa kugonga geti usiku. Pale kwenye nafasi ya tovuti unaweka linki yako ya /view/.

Kuhusu kuonekana, ukurasa mpya Google hawauchukui siku hiyohiyo. Ukitaka kujua kama wameshauchukua, andika hivi kwenye kisanduku cha kutafutia:

```
site:sites.google.com/view/jina-ulilochagua
```

Ikirudi tupu, bado. Na uangalie kwenye mipangilio ya Publish kama hujatia tiki pale panapowaomba wasiuonyeshe ukurasa. Nimeshaona watu wameitia bila kusoma.

#38 MamaAchari_Kimanga
Tiki ipo. Nilidhani ni ya usalama.

#39 Bibi_Tarishi
Mama wewe ulikuwa unajificha au unauza? 😂

#40 Kijana_wa_Keko
Mimi narudi kwenye domeni yangu.

#41 Mpemba_Magomeni
Keko domeni siyo dawa ya kila kitu, nayo ina mitihani yake. Mie nilinunua, nikaiunganisha na Google Sites. Kwenye mipangilio ya domeni unaweka CNAME ya www ielekee ghs.googlehosted.com. Ikafunguka vizuri. Basi nikachapisha vibandiko vya mifuko bila www, nikaona yapendeza zaidi. Kumbe bila www haifunguki mpaka uende tena kwa uliyemnunulia, uweke kielekezi cha kuipeleka kwenye www. Wiki nzima vibandiko vyangu vyapeleka watu pasipo kitu. Na kila mwaka walipia. Ukisahau, jina laenda.

#42 Kijana_wa_Keko
Lakini sasa hivi inafunguka na watu wanakuamini. Sema ukweli.

#43 Mpemba_Magomeni
Inafunguka. Kuniamini sijui, wanunuzi wangu ni walewale.

#44 Kaka_wa_Vingunguti
Nyie wote mnazunguka. Chakula mtu haamini kwa sababu hakuna nembo. Mama weka namba ya TFDA pale juu, oda zitakuja.

#45 Dada_wa_Mbezi
TFDA haipo tangu 2019 kaka, ikawa TMDA, na mambo ya chakula yakahamia TBS. Mjasiriamali mdogo anaanzia SIDO, wanampa barua ya kumpeleka TBS. Asiweke nembo ambayo hajapewa, hiyo kesi ni kubwa kuliko achari.

#46 Kaka_wa_Vingunguti
Sawa TBS. Na leseni ya TCRA je? Kuna kanuni za maudhui ya mtandaoni, za 2018 halafu za 2020. Ukiwa na tovuti unatakiwa leseni.

#47 Mwalimu_Mstaafu
Hizo nilizielewa kuwa ni za wanaotoa habari na vipindi, siyo mama anayeandika bei ya achari.

#48 Kaka_wa_Vingunguti
Ndivyo wewe ulivyoelewa. Mimi ningeuliza TCRA kwanza, kuuliza siyo hela.

#49 BwanaMita
Basi kila mwenye stetasi aende TCRA, foleni ifike Ubungo.

#50 MamaAchari_Kimanga
SIDO nimeshafika, bado nasubiri barua. Nembo sijaweka.

Ripoti ya wiki: nimepanga upya kwa zile Content blocks, nimetoa ile tiki, nimebonyeza Publish, nimeangalia kwa simu ya muuza mkaa. Oda zimefika kumi na moja. Tisa kati yake ni watu wa yale magrupu na kwaya, mama mchungaji kachukua chupa mbili za ndimu. Wageni kabisa ni wawili. Sasa sielewi, tovuti imefanya kazi au wale tisa wangenunua tu kwenye stetasi?

#51 BwanaMita
Wangenunua tu. Nilisema #3.

#52 Dada_wa_Mbezi
Wawili ni wageni Mita, hao usingewapata kwa stetasi. Na hao tisa hawakukuuliza bei wala unapeleka wapi. Muda huo haukuhesabu?

#53 Fundi_wa_Ubungo
Kubishana hakutusaidii, pima. Tengeneza vitufe vyenye maneno tofauti kidogo. Kwenye ukurasa ujumbe uanze na "Nimeona kwenye tovuti", linki ya stetasi ianze na "Nimeona stetasi". Baada ya mwezi hesabu. Watakaofuta maneno hayo wapo, lakini wengi ni wavivu wa kufuta.

#54 Kijana_wa_Keko
Hao wageni wawili wangekuwa kumi kama ungekuwa na domeni.

#55 Mzamiaji_Feri
Mama nimefungua ukurasa wako, nimebonyeza kitufe cha pilipili ya ukwaju. Simu yangu ina WhatsApp mbili, inaniuliza nifungue ipi. Nimechagua, ujumbe umeenda kwa laini ya kazini. Sasa bosi anauliza pilipili ya nani.

#56 MamaAchari_Kimanga
Nimeipata kaka. Chupa moja au mbili? Na bosi umwambie tunapeleka mpaka Kigamboni.